Kibada hadi Posta: nauli ya mwezi mzima katika jedwali moja

Muulize mkazi yeyote wa Dar es Salaam nauli ya kwenda kazini, atakutajia papo hapo: mia sita, mia saba, jero ya zamani iliyopanda. Muulize kwa mwezi inakuwa kiasi gani, atasita, kisha atakisia. Mara nyingi atakisia chini, kwa sababu atazidisha nauli ya kawaida kwa siku za kazi na kusahau asubuhi alizochelewa akapanda bodaboda, jioni alizolipa mara mbili ili apate siti, na siku konda alizotangaza mwisho wa gari kabla ya mwisho wa njia. Fedha hiyo hutoka mfukoni kidogo kidogo bila kuitwa nauli, lakini nauli ndiyo hiyo.

Ili hesabu ionekane vizuri nimechukua safari moja tu. Msafiri wetu wa mfano anakaa Kibada, Kigamboni, na kazi yake iko karibu na Posta Mpya. Nimechagua Kigamboni kwa kuwa mkazi wake ana njia mbili zisizofanana hata kidogo: anaweza kupita majini kwa kivuko cha Magogoni, au akapita juu ya Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, na kuingia mjini kupitia upande wa Kariakoo. Njia zote mbili zinamfikisha. Swali ni ipi inamgharimu nini, kwa fedha na kwa muda.

Kabla ya namba, ni lazima tuelewe daladala linalipiwa vipi, maana hapo ndipo hesabu za wengi zinapokwenda kombo. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa makundi ya umbali. Katika viwango vilivyoanza Desemba 2023, njia isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600, ya kilomita 11 hadi 15 ni 700, na ya kilomita 16 hadi 20 ni 800. Angalia viwango hivyo kwa makini. Umbali ukiongezeka maradufu, kutoka kilomita 10 hadi 20, nauli inaongezeka kwa shilingi 200 tu. Lakini ukishuka katikati na kupanda gari jingine, unaanza upya kwenye 600. Kilomita 20 kwa gari moja ni shilingi 800. Kilomita hizohizo kwa magari mawili ya kilomita kumi kumi ni 1,200. Kinachokula fedha ya mkazi wa Dar, basi, ni idadi ya mara anazopanda kuliko umbali anaokwenda.

Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 ulionyesha kwamba jambo hili linaweza kupangwa vingine. Nauli ya njia kuu ilikuwa 650 na ya njia mlishi 400, lakini aliyetumia zote mbili kwa safari moja alilipa 800, si 1,050. Kubadilisha gari hakukumwadhibu abiria. Daladala hazina mpango wa namna hiyo, kwa kuwa kila gari lina mwenye nalo na hesabu yake ya jioni, na konda wa gari la pili hana sababu ya kujua kwamba umeshalipa kwenye gari la kwanza. Kwa hiyo ukitaka kupunguza gharama ya mwezi, jambo la kwanza la kutazama ni vipande vya safari yako: ni vingapi, na ni kipi kinaweza kuondolewa kwa miguu.

Sasa tumtoe mtu wetu nyumbani. Kutoka mlangoni hadi kituo cha daladala Kibada anatembea dakika kumi. Akichagua kivuko, anapanda daladala la Feri, tunaloliweka kwenye kundi la shilingi 600, anavuka kwa 200, kisha anatembea kutoka Magogoni hadi Posta kwa robo saa. Jumla ni 800 kwenda. Akichagua daraja, anapanda gari linalovuka kwenda upande wa Kariakoo, ambalo tunaliweka kwenye kundi la 700, kisha anachukua gari la pili kwa 600 kumfikisha Posta. Jumla ni 1,300. Anaweza pia kushuka upande wa Kariakoo na kumalizia kwa miguu, zaidi ya nusu saa ya kutembea. Na kuna bodaboda, ambayo bei yake ni ya maelewano: hapa nimeweka 3,000 hadi Feri ya upande wa Kigamboni, na 6,000 kwa safari nzima ya kupita darajani, tozo ya daraja ikiwemo.

Dakika nilizoweka kwenye jedwali ni za mfano, na zinahesabiwa kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kazi. Mwezi ni wa siku 22 za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa.

| Njia | Kwenda | Kwenda na kurudi | Mwezi | Dakika, siku ya kawaida | Dakika, siku mbaya |
|---|---|---|---|---|---|
| Daladala, kivuko, miguu | 800 | 1,600 | 35,200 | 85 | 120 |
| Daladala mbili kupitia darajani | 1,300 | 2,600 | 57,200 | 100 | 125 |
| Daladala la darajani, kisha miguu | 700 | 1,400 | 30,800 | 105 | 125 |
| Bodaboda hadi Feri, kivuko, miguu | 3,200 | 6,400 | 140,800 | 60 | 95 |
| Bodaboda kupitia darajani | 6,000 | 12,000 | 264,000 | 40 | 50 |

Anayefanya kazi Jumamosi azidishe kwa 26 badala ya 22. Kivuko kitamfikia 41,600 na daladala mbili 67,600.

Tazama kwanza mstari wa pili na wa tatu. Gari la kwanza ni lilelile, daraja ni lilelile, foleni ni ileile. Tofauti ni kipande kifupi cha mwisho tu, kutoka upande wa Kariakoo hadi Posta, na kipande hicho kinagharimu shilingi 26,400 kwa mwezi. Kinaokoa dakika tano. Kusubiri gari la pili, kusukumana mlangoni na kukaa kwenye taa za barabarani huchukua karibu muda uleule wa kutembea, na siku mbaya tofauti haipo kabisa. Mtu mwenye miguu mizima na viatu vya kubadilisha ofisini ana sababu nzito ya kutembea. Mama mwenye mtoto mgongoni, au mzee, au mtu mwenye mzigo, hana uchaguzi huo. Mvua ikinyesha hata kijana hana. Ndiyo maana sikuufuta mstari wa pili ingawa kwa namba pekee umeshindwa.

Sasa linganisha mstari wa kwanza na wa pili, maana hapo ndipo wakazi wengi wa Kigamboni wanapobishana. Kivuko ni nafuu kwa shilingi 22,000 kwa mwezi na ni haraka kwa robo saa siku ya kawaida. Ukiishia hapo, huna haja ya kufikiri zaidi. Lakini kivuko kina tabia moja ambayo daraja halina: kikisimama, kimesimama. Mwaka 2023 MV Magogoni, chombo kinachobeba abiria 2,000, kilipelekwa Mombasa kwa matengenezo makubwa, na Feri ikabaki inategemea MV Kigamboni na MV Kazi. Kila aliyekuwa akivuka kipindi hicho anajua maana yake. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu, kwa kuwa mkondo ule ni mwembamba. Muda unaliwa kwenye banda la kusubiria, geti likiwa limefungwa na umati ukiongezeka nyuma yako. Chombo kimoja kikipungua, muda wa kusubiri unaongezeka kwa wote, na dakika 15 zinageuka 50.

Mtu aliyetoka nyumbani akitegemea dakika 85 atafanya nini akifika Feri akakuta umati huo? Akiwa na kazi isiyosamehe kuchelewa, atageuka na kutafuta bodaboda ya kupita darajani. Lakini wengi huona mapema: wanapigiwa simu na jirani aliyetangulia, wanaambiwa Feri hapafai leo, na wanachukua bodaboda nyumbani moja kwa moja. Tuchukue hali hiyo nafuu. Asubuhi hiyo badala ya 800 ametoa 6,000, yaani nyongeza ya 5,200. Zikitokea asubuhi nne za namna hiyo katika mwezi, nyongeza ni 20,800, na gharama yake ya mwezi si 35,200 tena bali 56,000. Akitokea asubuhi ya tano, ameshampita aliyekuwa akipanda daladala mbili kila siku.

Siku nne. Hiyo ndiyo namba ambayo jedwali la kawaida haliionyeshi, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuandikwa kwa kalamu nyekundu pembeni. Kuipata ni rahisi: chukua tofauti ya mwezi kati ya njia mbili, hapa 22,000, uigawe kwa nyongeza ya siku moja mbaya, hapa 5,200. Unapata nne na kidogo. Njia yako ya bei nafuu inabaki nafuu mradi siku mbaya hazizidi nne kwa mwezi. Miezi vyombo vyote vinapofanya kazi vizuri, huenda zisifike hata mbili, na kivuko kinashinda waziwazi. Mwezi chombo kikiwa matengenezoni, hesabu inageuka, na mtu mwenye jedwali lake anahamia darajani wiki ya kwanza badala ya kugundua mwisho wa mwezi kwamba mfuko umetoboka.

Kuna namna nyingine ya kukabiliana na siku mbaya bila kutoa hata shilingi: kuondoka mapema. Ikiwa anatakiwa kazini saa 2:00 asubuhi, kwa siku ya kawaida anatakiwa atoke nyumbani saa 12:35. Akitaka awahi hata siku mbaya ya dakika 120, atoke saa 12:00 kamili. Ameondoa bodaboda zile nne na kuokoa 20,800, lakini amelipa dakika 35 kila asubuhi, ambazo kwa siku 22 ni karibu saa 13. Kila saa moja ya usingizi, au ya kumwandaa mtoto shule, imeuzwa kwa takriban shilingi 1,600. Kuna watakaoona ni biashara nzuri na wengine wataona ni hasara, na wote wanaweza kuwa sahihi. Ninachosisitiza ni kwamba biashara hiyo wanaifanya tayari kila siku. Afadhali waifanye wakijua bei.

Hapo tunafika kwenye jinsi ya kupata dakika zenyewe, kwa sababu jedwali lenye dakika za kukisia halifai. Watu hukumbuka safari mbaya kuliko za kawaida, au hutaja safari bora waliyowahi kuipata alfajiri ya sikukuu. Andika muda kwenye simu mara nne tu: unapofunga mlango wa nyumba, unapopanda gari la kwanza, unapofika Feri au unaposhuka gari la kwanza, na unapoingia kazini. Fanya hivyo kwa wiki mbili za kawaida, Jumatatu zikiwemo, maana Jumatatu na Jumatano haziko sawa. Usiandike muda wa gari kutembea pekee. Dakika nyingi za safari ya Dar zinapotea gari likiwa halijaja, au likiwa limesimama kituoni konda anajaza.

Ukishapata namba zako kumi za asubuhi, usizijumlishe na kugawa. Tuseme asubuhi tano zilikuwa dakika 80, 84, 85, 88 na 150. Wastani wake ni 97, lakini hakuna asubuhi hata moja uliyotumia dakika 97 wala karibu yake. Ile ya 150 imezivuta zote. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati, 85. Hiyo ndiyo siku yako ya kawaida. Kisha tazama zile ndefu zaidi, hiyo ndiyo siku yako mbaya. Ukiwa na namba mbili hizo huhitaji ya tatu. Na ukiona njia yenye siku ya kawaida ndefu kidogo lakini siku mbaya iliyo karibu nayo, ithamini. Kwenye jedwali letu daladala mbili zinatofautiana kwa dakika 25 kati ya siku njema na mbaya, kivuko kinatofautiana kwa 35. Kwa mlinzi anayempokea mwenzake zamu, au mwalimu wa kipindi cha kwanza, tofauti hiyo ina uzito kuliko dakika zenyewe.

Jioni ipimwe peke yake. Kurudi si kwenda kulikopinduliwa, na makosa mengi ya fedha hutokea jioni. Asubuhi Kibada gari linaanzia hapo, kwa hiyo siti zipo. Jioni mjini umati ni mkubwa na magari hayatoshi, na hapo watu hugeuza: wanalipanda daladala likiwa bado linakuja mwisho wa njia, vituo kadhaa kabla, wanalipa, wanakaa, wanafika nalo mwisho na kurudi nalo wakiwa wameshika siti. Wamelipa mara mbili. Anayegeuza kila jioni kwa nyongeza ya 600 anatoa 13,200 kwa mwezi, zaidi ya nusu ya ile tofauti ya 22,000 kati ya kivuko na daladala mbili. Siwalaumu hata kidogo. Kusimama saa nzima umebanwa baada ya siku ya kazi ni mateso, na kwa mjamzito ni hatari. Lakini gharama hiyo iingizwe kwenye mstari wa njia husika, isiachwe nje kana kwamba ni matumizi ya bahati mbaya. Kivuko kina faida hapa: kwenye maji hakuna wa kumgeuza, kila mtu anavuka kwa 200.

Ongeza pia kukatishwa ruti. Leseni ya gari inalitaka lifike mwisho wa njia yake, na kulikatisha ni kosa. Hata hivyo jioni, foleni ikiwa ndefu, baadhi ya madereva huona faida kushusha katikati na kugeuza kurudi kwenye abiria wengi. Anayeshushwa anaanza upya kwenye 600, kwa kile kipande kifupi kilichobaki. Njia ndefu ya gari moja, ile inayoonekana nafuu kwenye karatasi, ndiyo inayokatishwa zaidi, kwa hiyo ukipima jioni andika pia idadi ya mara ulizoshushwa kabla ya wakati. Zikiwa tatu kwa mwezi ni 1,800, si nyingi. Zikiwa kila siku ya pili, njia yako si ya gari moja tena, ni ya magari mawili, na uiandike hivyo.

Bodaboda kwenye jedwali inaonekana ya anasa, na kwa kila siku ni kweli: 264,000 ni zaidi ya nusu ya 500,000, kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilichoanza Julai 2025. Lakini isiondolewe, kwa kuwa hutumika kama akiba ya siku mbaya. Njia nzuri ni kuitengea fedha mwanzoni mwa mwezi. Mtu wetu wa kivuko atenge 35,200 za kawaida na bodaboda nne pembeni, jumla 56,000. Mwezi ukiisha na bodaboda mbili hazikutumika, 10,400 zimebaki mkononi.

Jedwali hili lina kazi moja zaidi, pengine kubwa kuliko zote, nayo ni wakati wa kutafuta nyumba. Mpangaji hulinganisha kodi na kodi, lakini angelinganisha kodi na nauli kwa pamoja. Mtu wetu akihama Kibada akapata chumba cha kutembea kwa miguu hadi Feri, kipande cha daladala kinakufa. Anabaki na 200 kwenda na 200 kurudi, yaani 8,800 kwa mwezi badala ya 35,200. Ameokoa 26,400, na takriban dakika 35 kila upande, zile za kusubiri gari na za kupanda. Chumba cha karibu na Feri kinaweza kuzidi cha Kibada kwa hadi shilingi 26,400 kwa mwezi na bado asitoe zaidi ya anachotoa sasa. Wakiwa wawili wanaovuka kila siku kutoka nyumba hiyohiyo, kikomo hicho kinafika 52,800. Dalali hatakufanyia hesabu hiyo. Ifanye mwenyewe kabla hujalipa kodi ya miezi sita.